Homa ya Lassa: panya ndani ya nyumba, siku sita za kwanza na masikio yanayoziba baadaye

Homa ya Lassa ni ugonjwa wa virusi unaoenezwa na panya katika nchi za Afrika Magharibi, hasa Nigeria, Sierra Leone, Liberia na Guinea. Umewekwa katika kundi la homa za kutokwa damu pamoja na Ebola na Marburg, lakini hauendi kama hizo. Watu wengi wanaoambukizwa, takribani wanane katika kila kumi, hawaugui kabisa au hupata homa nyepesi inayopita bila kutambuliwa. Waliobaki huugua sana, na kati ya wanaofikia hatua ya kulazwa hospitalini hufa takribani 15 katika kila 100. Hata damu yenyewe, inayoupa ugonjwa jina la kutisha, huonekana kwa wagonjwa wachache tu. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu anayesubiri kuona damu ndipo ashuku Lassa huwa amechelewa.

Ugonjwa ulitambuliwa mwaka 1969. Januari ya mwaka huo Laura Wine, muuguzi Mmarekani aliyefanya kazi katika hospitali ya misheni ya mji mdogo wa Lassa, kaskazini mashariki mwa Nigeria, alianza kuumwa mgongo. Yakafuata maumivu makali ya koo yenye vidonda. Alitibiwa kwa penisilini kama anavyotibiwa mtu yeyote mwenye koo bovu, na hakupata nafuu. Alisafirishwa kwa ndege hadi Jos na kufariki siku moja baadaye. Muuguzi Charlotte Shaw, aliyemhudumia huko Jos, aliugua na kufa baada ya wiki chache. Wa tatu, Penny Pinneo, aliyewauguza wote wawili, alipelekwa New York na akapona. Kutokana na sampuli za wagonjwa hao, wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Yale walikipata kirusi kipya, nacho kikamwangusha mmoja wao, Jordi Casals. Aliokolewa kwa maji ya damu ya Pinneo, yaliyokwisha kutengeneza kinga. Fundi mwingine wa maabara katika chuo hicho, Juan Roman, alifariki, na Yale ikaacha kukishughulikia kirusi hicho kikiwa hai.

Kilichobaki kutafutwa ni chanzo. Kilipatikana wakati wa mlipuko wa mwaka 1972 mashariki mwa Sierra Leone, watafiti walipotega wanyama ndani na kandokando ya nyumba za wagonjwa. Kirusi kilikutwa katika panya mmoja wa kawaida kabisa: mdogo, wa rangi ya kahawia na tumbo la kijivu, jike wake akiwa na safu mbili ndefu za chuchu kuliko panya wengine. Wingi wa chuchu hizo unaeleza mengi, kwani jike huzaa watoto kumi au zaidi kwa mkupuo mmoja.

Panya huyu habebi kirusi kama mgonjwa anavyobeba ugonjwa. Hadhuriki, na anaweza kukitoa kwa muda mrefu katika mkojo, kinyesi na mate yake. Anakojoa popote anapopita: juu ya boriti za dari, kando ya ukuta, juu ya gunia la mpunga, ndani ya chungu kilichoachwa wazi usiku. Binadamu huambukizwa anapokula chakula kilichochafuliwa, anaposhika sakafu au chombo chenye mkojo huo kisha akagusa mdomo, jicho au kidonda, au anapovuta vumbi lenye mabaki yake wakati wa kufagia. Katika baadhi ya maeneo panya huliwa, na hapo mtu huambukizwa zaidi wakati wa kumkamata na kumchuna kuliko wakati wa kula nyama iliyokwisha kuiva, maana moto huua kirusi.

Mfano mmoja wa jikoni unaonyesha njia hiyo vizuri. Katika kusini mwa Nigeria chakula cha kila siku ni gari, yaani muhogo uliokunwa, ukachachushwa, ukakamuliwa maji na kukaangwa hadi kuwa chengachenga. Sehemu nyingi muhogo huanikwa juani kando ya barabara au uani, juu ya turubai, na wakati mwingine hulala hapo hapo usiku. Baadaye gari hukaa katika beseni au gunia jikoni. Likisongwa kwa maji yanayochemka, joto husaidia. Lakini watu wengi hulilowesha tu kwa maji baridi, wakaongeza sukari na karanga, wakala. Panya akipita juu ya beseni hilo baada ya gari kukaangwa, hakuna moto mwingine kati ya mkojo wake na mdomo wa mlaji.

Ndiyo maana ugonjwa una msimu. Hutokea mwaka mzima, lakini Nigeria wagonjwa huongezeka kati ya Novemba na Aprili. Wakati huo wa kiangazi mavuno yameshaingia ndani, mashamba yamekauka au yamechomwa moto, na panya hufuata chakula kilikokwenda. Mwaka 2018, Nigeria ilipopata wagonjwa wengi kuliko miaka iliyotangulia, kulikuwa na hofu kwamba kirusi kimebadilika na sasa kinapita kwa urahisi kutoka mtu hadi mtu. Uchunguzi wa vinasaba vya virusi kutoka kwa wagonjwa ulionyesha vingine: wengi walikuwa na virusi vya koo tofauti, ishara kwamba kila mmoja alikuwa ameambukizwa kivyake kutoka kwa panya wa kwao. Mlipuko ule ulikuwa mkusanyiko wa ajali nyingi za nyumbani.

Kumtokomeza panya huyu kwa sumu si jambo jepesi. Huko Guinea watafiti walitega sumu nyumba hadi nyumba katika vijiji kadhaa. Idadi ya panya ilishuka, lakini baada ya miezi michache walikuwa wamerudi, kwa kuwa waliobaki shambani huzaliana haraka na kujaza nafasi. Linalodumu zaidi ni kumnyima chakula na pa kulala: nafaka na gari katika madebe au ndoo zenye mifuniko ya kubana badala ya magunia, muhogo ulioanikwa uingizwe ndani kabla ya giza, sahani zioshwe jioni, takataka zitupwe mbali na nyumba, matundu ya ukuta na dari yazibwe, na paka afugwe. Chakula chenye alama za meno ya panya hutupwa chote. Si sahihi kukata sehemu iliyotafunwa na kula iliyobaki, kwa sababu mkojo hauachi alama ya kuonekana. Kinyesi cha panya hakifagiliwi kikavu, bali hulowanishwa kwanza kwa maji yenye dawa ya klorini, kikaachwa kwa dakika kadhaa, kisha kikafutwa kwa kitambaa na mikono iliyovaa glavu.

Panya huyu anajulikana vizuri Afrika Mashariki. Ndiye yule panya shamba anayefukua mbegu za mahindi zilizopandwa, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wamemchunguza kwa miongo kadhaa. Hata hivyo, homa ya Lassa haijaonekana Tanzania wala Kenya. Panya wa spishi hii wamegawanyika katika koo kulingana na maeneo, na ukoo unaobeba kirusi cha Lassa ni wa Afrika Magharibi. Wale wa Tanzania wamekutwa na virusi ndugu, vikiwemo virusi vya Morogoro na vya Gairo, ambavyo havijulikani kumwugesha binadamu. Kwa msomaji wa ukanda huu, basi, Lassa inakuja kwa njia ya safari: mtu aliyetoka Afrika Magharibi na homa ndani ya wiki tatu zilizopita anapaswa kumweleza daktari alikotoka kabla ya kueleza jambo jingine lolote.

Wiki hizo tatu ndizo upeo wa muda kati ya kuambukizwa na kuugua. Mara nyingi ni kati ya siku 6 na 21. Ugonjwa hauanzi kwa kishindo. Siku ya kwanza ni homa na uchovu, mwili kukosa raha. Kichwa kinauma, viungo na mgongo vinauma. Katika siku tatu au nne zinazofuata koo huanza kuuma sana, na ukiliangalia kwa tochi huwa jekundu, pengine na utando mweupe juu ya mafindofindo. Kifua huuma nyuma ya mfupa wa katikati. Huja kikohozi kikavu, tumbo kuuma, kichefuchefu, kutapika, kuharisha. Hakuna hata dalili moja kati ya hizo isiyojulikana kwa malaria, taifodi au mafua makali. Kwa hiyo mgonjwa hununua dawa ya malaria dukani na kumeza kwa siku tatu. Homa ikikataa, hupewa dawa ya taifodi kwa siku nyingine kadhaa. Anapofika hospitali iliyo na kipimo, wiki imekwisha.

Watafiti waliofanya kazi Sierra Leone katika miaka ya 1970 na 1980 walitafuta dalili ambazo zikikutana zinaielekeza shuku kwenye Lassa. Waliona kwamba mwenye homa, koo lililovimba, maumivu nyuma ya mfupa wa kifua na protini kwenye mkojo, vyote kwa pamoja, alikuwa na Lassa takribani mara nane katika kumi, katika wodi za eneo lile lenye ugonjwa mwingi. Thamani ya ugunduzi huo ni kwamba protini hupimwa kwa kijiti cha kuchovya mkojoni, kitu ambacho hata kituo kidogo cha afya kinaweza kuwa nacho. Dalili ya pili ya kuangaliwa ni ukaidi wa homa yenyewe: homa isiyoshuka baada ya siku mbili za dawa kamili ya malaria na ya bakteria, kwa mtu wa eneo lenye Lassa, inatosha kumtenga mgonjwa na kutuma damu maabara. Huko hutafutwa vinasaba vya kirusi, na jibu hutegemewa zaidi kuliko kipimo cha kinga, ambayo mwanzoni mwa ugonjwa huenda haijajitokeza.

Mgonjwa anayezidiwa huvimba uso na shingo, jambo ambalo wauguzi wazoefu huliogopa likionekana. Maji hujaa kwenye mapafu, shinikizo la damu hushuka, figo hulegea, na damu huanza kutoka kwenye fizi, puani, ukeni au kwenye sindano alipochomwa. Wengine hupata degedege au kupoteza fahamu. Anayefariki kwa kawaida hufariki ndani ya siku 14 tangu homa ianze. Wajawazito wako hatarini kuliko wote. Katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, zaidi ya asilimia 80 ya wanaougua humpoteza mtoto au hufa wao wenyewe.

Ribavirini ndiyo dawa ya virusi inayotumika dhidi ya Lassa hadi sasa, na ushahidi wake mkuu ulitoka Sierra Leone mwaka 1986. Watafiti waliwapima wagonjwa kimeng'enya cha ini kinachomwagika ndani ya damu pindi ini linapoharibika. Waliokuwa nacho kwa wingi ndio waliokuwa na hatari kubwa ya kufa. Katika kundi hilo la hatari, kati ya 60 ambao hawakupewa ribavirini walikufa 33, zaidi ya nusu. Kati ya 20 walioanza kuipata kwa mshipa ndani ya siku sita za kwanza za homa alikufa mmoja tu. Kati ya 43 walioanza kuanzia siku ya saba na kuendelea walikufa 11. Dawa ile ile, kipimo kile kile, na tofauti kubwa kati ya makundi hayo mawili ikawa ni siku ilipoanzwa.

Sababu inaeleweka. Katika siku za mwanzo kinachomdhuru mgonjwa ni virusi vinavyoongezeka, na ribavirini huzuia kuongezeka huko. Baada ya wiki, ini, mishipa midogo ya damu na mapafu huwa tayari yamejeruhiwa, na dawa haina uwezo wa kuyatengeneza.

Kwa mgonjwa wa kilo 50, utaratibu uliozoeleka huwa hivi. Hupewa kwanza dozi kubwa ya kuanzia, miligramu 30 kwa kila kilo, yaani 1,500, kwa dripu ya polepole. Kisha hupewa miligramu 800 kila baada ya saa sita kwa siku nne, halafu 400 kila baada ya saa nane kwa siku sita. Jumla ni siku kumi za kulazwa. Hospitali ya rufaa ya Irrua, katika jimbo la Edo, ambayo imetibu wagonjwa wengi wa Lassa nchini Nigeria, ina utaratibu wake wa dozi chache zaidi kwa siku, ili muuguzi asilazimike kumkaribia mgonjwa na sindano mara nyingi mno. Vidonge vya ribavirini vipo, lakini ni sehemu tu ya dawa inayofika kwenye damu, na mgonjwa anayetapika hawezi kuvitegemea.

Dawa hii ina gharama yake mwilini. Hujilimbikiza ndani ya chembe nyekundu za damu na kuzifanya zivunjike, hivyo mgonjwa hupungukiwa damu na huweza kuhitaji kuongezewa. Upungufu huo hurekebika dawa ikisimamishwa. Ikiingizwa haraka mno kwenye mshipa, huleta mtetemeko wa baridi. Kwa wanyama wa majaribio imesababisha ulemavu wa mimba, na kwa kawaida mjamzito hapewi; lakini kwa mjamzito mwenye Lassa kali madaktari hulazimika kupima hatari hiyo dhidi ya uhai wa mama, na mara nyingi huamua kumpa.

Imani katika ribavirini si kamili kama ilivyokuwa. Ule utafiti wa 1986 haukuwagawa wagonjwa kwa bahati nasibu kati ya kupewa na kutopewa, na baadhi ya waliolinganishwa walitibiwa miaka tofauti. Wachambuzi waliorudia takwimu za zamani wameona kwamba kwa mgonjwa ambaye ini lake halijaathirika, faida haionekani, na huenda madhara yakazidi. Ndiyo maana favipiraviri, dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mafua, inafanyiwa majaribio kama mshindani wake. Hadi majibu yapatikane, ribavirini inaendelea kutolewa, na ni sawa iendelee kwa mgonjwa mahututi aliyethibitishwa mapema. Kisichofaa ni kuigeuza dawa ya kumpa kila mwenye homa. Pia haiwezi kuchukua nafasi ya uangalizi: maji ya mwilini yakipimwa kwa uangalifu bila kuyazidisha, oksijeni, damu, kusafisha figo zinaposhindwa, na dawa ya malaria ikiwa nayo ipo.

Uangalizi huo una hatari kwa wanaoutoa. Kirusi kimo kwenye damu, mkojo na matapishi ya mgonjwa. Daktari Aniru Conteh, aliyeongoza wodi ya Lassa ya Kenema huko Sierra Leone kwa miaka mingi, alijichoma sindano wakati akimtibu mjamzito na akafariki kwa Lassa mwaka 2004. Glavu, gauni, barakoa na kinga ya macho hutosha kwa sehemu kubwa, vikivaliwa kabla ya jibu la maabara kurudi. Mwanamume aliyepona hushauriwa kutumia kondomu kwa miezi mitatu, kwani kirusi hubaki kwenye shahawa.

Kisha kuna masikio. Homa imeshuka, mgonjwa ameanza kula, anahesabu siku za kurudi nyumbani, na katika siku hizo za nafuu sikio moja au yote mawili hupoteza uwezo wa kusikia. Huanza kwa mvumo au mlio masikioni, pengine na kizunguzungu na mwendo wa kuyumba, na kusikia kunaweza kuzimika kwa siku chache. Mmoja katika wanne wa wanaopona hupatwa na hali hii. Nusu yao hurudishiwa usikivu kiasi fulani ndani ya mwezi mmoja hadi mitatu. Wengine hubaki viziwi maisha yao yote.

Ukali wa homa hautabiri nani atapoteza usikivu. Aliyeugua kidogo anaweza kuwa kiziwi kabisa, na aliyepona kutoka kwenye kifafa asidhurike. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 huko Sierra Leone uliwachukua watu wa kijijini waliowahi kuzibwa masikio ghafla, ukawapima damu. Asilimia 81 walikuwa na kinga ya Lassa, ilhali kwa majirani zao wanaosikia ilikuwa asilimia 19. Maana yake ni kwamba wapo viziwi ambao hawakuwahi kuambiwa kuwa waliugua Lassa. Walikuwa na homa, ikapita, na baadaye mtaani uziwi wao ukasingiziwa mengine, uchawi ukiwemo.

Kwamba uziwi huja wakati virusi vinapungua kwenye damu na kinga inapanda kunawafanya watafiti waamini kuwa mwili wenyewe ndio unaojeruhi sikio. Majaribio kwa panya wa maabara yanaelekea huko: chembe za kinga huingia sikio la ndani, na seli zenye vinyweleo pamoja na neva zinazopeleka sauti kwenye ubongo huharibika. Seli hizo kwa binadamu hazioti tena zikifa. Hiyo inaeleza pia kwa nini haijaonekana kwamba ribavirini inayakinga masikio, kwa kuwa dawa hupambana na kirusi, wala si na kinga inayokuja baada yake.

Kwa hiyo mgonjwa anayeruhusiwa kutoka wodini anahitaji kupimwa usikivu siku hiyo, kisha tena baada ya mwezi mmoja na baada ya mitatu, na ndugu zake waelezwe waangalie anayeongeza sauti ya redio, anayegeuza kichwa kila anapoitwa, au mtoto aliyeacha ghafla kufuata maneno ya mwalimu. Mwenye upungufu wa wastani husaidiwa na kifaa cha kusikia. Aliyezimika kabisa masikio yote mawili anahitaji kupandikizwa kifaa ndani ya sikio, upasuaji ambao wakazi wengi wa vijiji vyenye Lassa hawaufikii. Kwa mtoto kama huyo lugha ya alama na shule inayoitumia ndiyo tiba iliyopo, na kila mwezi unaopita kabla hajaanza unamrudisha nyuma katika kujifunza.